Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: njegere na maharage machanga yabaki kijani hadi mezani

Napika chakula cha shughuli Arusha, na swali ninaloulizwa kuliko yote sio la pilau wala nyama, ni hili la kwanini njegere zangu zinafika mezani bado kijani na za nyumbani kwa mtu zinageuka rangi ya kaki. Nimeamua niandike majibu yote sehemu moja. Nikisema maharage machanga namaanisha yale marefu membamba yanayoliwa na ganda lake, Kenya mnaita mishiri, wengine mnasema frenchi binzi. Na njegere wenzetu wa Kenya ndo minji.

Kwanini zikiingia tu kwenye maji ya moto zinang'aa sana, afu baadae zinafubaa?

Hapo kuna vitu viwili tofauti. Kile kijani kikali cha sekunde thelathini za kwanza hakitokani na rangi kuongezeka. Ndani ya mboga mbichi kuna vipovu vidogo vidogo vya hewa katikati ya seli, na hivyo vipovu vinatawanya mwanga ndo maana mboga mbichi inaonekana kama ina ukungu fulani. Maji ya moto yanaitoa ile hewa, ukiangalia vizuri utaona vipovu vinatoka kwenye njegere, na ukungu ukiondoka unaiona rangi yenyewe ilivyo. Kwaiyo mboga ilikua ya kijani ivyo ivyo tangu mwanzo, ulikua tu huioni vizuri.

Kufubaa ni jambo lingine. Rangi ya kijani ni klorofili, na katikati ya klorofili kuna chembe moja ya magnesiamu ambayo ndo inaipa kijani chake. Mboga yenyewe ina asidi lakini ikiwa hai asidi imefungiwa kwenye vifuko vyake ndani ya seli, haikutani na klorofili. Moto unapasua kuta za vile vifuko, asidi inamwagika, haidrojeni ya asidi inaingia katikati ya klorofili na kuisukuma magnesiamu nje. Ikishatoka magnesiamu, kinachobaki kinaitwa feofitini na rangi yake ni kijani cha kijivu kinachoelekea kahawia, ile kaki tunayoijua. Basi, hakuna siri nyingine zaidi ya hiyo, kila kitu nitakachosema chini ni namna ya kuipa asidi muda mchache au nafasi ndogo.

Kwaiyo nichemshe dakika ngapi?

Kumbuka namba saba. Mboga ikikaa kwenye maji yanayochemka mpaka dakika tano bado iko salama, kati ya tano na saba inaanza kushuka, ikipita hapo unaiona kabisa inaondoka na haingoji mtu. Mimi njegere changa za kumenya nazipa dakika mbili hadi tatu. Maharage machanga membamba kama penseli ni dakika nne, yale manene kidogo tano au sita. Naanza kuhesabu pale maji yanaporudi kuchemka, sio pale ninapoweka mboga.

Lakini saa peke yake usiiamini, onja. Toa haragwe moja, lipoze, litafune. Likilia kwenye meno na kutoa ladha ya majani mabichi, bado halijaiva. Likikatika kwa urahisi lakini lina ubishi kidogo katikati, toa yote sasa ivi, manake yataendelea kuiva yenyewe kwa joto la ndani hata ukishayatoa jikoni. Ukingoja yalainike kabisa ndani ya sufuria umeshachelewa.

Walioko juu milimani waongeze kidogo. Kila ukipanda mita 300 hivi maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu, kwaiyo hapa Arusha na kule Nairobi yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 wakati Dar na Mombasa ni 100. Ndo maana dada yangu wa Tanga akija kwangu anasema maharage yangu yanachelewa. Dakika moja zaidi inatosha.

Maji kiasi gani, na nifunike sufuria au nisifunike?

Maji mengi. Kwa nusu kilo ya mboga weka lita tatu, ukiweza nne. Najua gesi ni hela na watu wengi tunaweka maji ya kufunika mboga tu, lakini angalia kinachotokea: unamwaga nusu kilo ya mboga baridi kwenye lita moja, maji yanaacha kuchemka na joto lake linashuka sana, na mpaka yarudi kuchemka mboga inaloa kwenye maji yasiyo na moto wa kutosha ambapo vimeng'enya vyake vyenyewe bado vinafanya kazi na vinaishambulia rangi na ladha. Afu asidi yote iliyotoka kwenye mboga inabaki imekolea kwenye maji kidogo. Kwenye maji mengi joto linashuka kidogo tu na asidi inakua imezimuliwa. Kama sufuria yako ni ndogo, chemsha kwa mafungu, robo kilo robo kilo kwenye maji yaleyale.

Mfuniko: funika wakati unachemsha maji matupu, yachemke haraka uokoe gesi. Mboga ikiingia, toa mfuniko. Sehemu ya asidi za mboga inapanda na mvuke, ukifunika inagonga mfuniko na kudondoka tena ndani. Kwa dakika tatu tofauti sio kubwa ila kwa dakika nane utaiona. Hii ndo sababu pia mboga za kupika kwa mvuke, ambazo lazima zifunikwe, mara nyingi hazing'ai kama za kuchemsha, ingawa ladha yake ni nzuri na virutubisho vinabaki vingi zaidi. Mboga ya kula nyumbani nikiwa na haraka napika kwa mvuke bila wasiwasi, dakika tano, lakini ya kuweka mezani watu waione nachemsha.

Chumvi inasaidia rangi?

Kidogo. Kazi yake kubwa ni ladha, kijiko kimoja kikubwa kwa lita tatu, maji yawe na chumvi ya kusikika kabisa mdomoni. Usitegemee chumvi ikuokolee mboga uliyoisahau jikoni.

Bibi yangu anaweka magadi, mwingine ananiambia bekingi soda. Ni sawa?

Bibi hajakosea kuhusu rangi. Magadi na bekingi soda zote zinapunguza asidi ya maji, na asidi ikipungua magnesiamu haitoki, njegere zinabaki kijani kikali hata ukipika nusu saa. Tatizo linakuja kwingine. Kile kile kinachozuia asidi kinayeyusha gundi inayoshika kuta za seli, kwaiyo mboga inalegea haraka sana, kwa nje inateleza na ndani ni uji, na maharage machanga yanapasuka ganda. Vitamini C na B1 nazo zinaharibika haraka kwenye maji ya magadi. Afu kuna ile ladha ya sabuni ukizidisha, na kuzidisha ni rahisi mno.

Msimamo wangu: kwa njegere changa na maharage machanga usiweke kabisa, huna unachokipata ambacho dakika nne na maji mengi hazikupi. Maharage makavu na makande ni habari nyingine, huko magadi yana kazi yake. Ukiona rangi ya kijani isiyo ya kawaida kwenye mboga iliyolainika kama imepondwa, huyo mpishi ameweka magadi, rangi na ulaini huo haviendi pamoja kwa njia nyingine.

Jambo la kujua ni kwamba maji ya visima vya sehemu nyingi yana chokaa na magadi yake ya asili, ndo maana mtu anahama mtaa anakuta mboga zake zimebadilika tabia na hajui kwanini. Ukichemshia maji ya mvua mboga inafubaa mapema kidogo kuliko maji ya kisima chenye chokaa.

Sina barafu. Nipoze vipi?

Kupoza ni lazima, barafu sio lazima. Mboga iliyotoka kwenye maji ya moto ikirundikwa kwenye bakuli inajipika yenyewe, ya katikati inakua imefubaa wakati ya juu bado nzuri. Andaa beseni mbili za maji ya baridi kabla hujaanza kuchemsha, sio baada. Chota mboga na chujio, tumbukiza beseni la kwanza, koroga kwa mkono nusu dakika mpaka maji yawe vuguvugu, hamishia la pili. Ukishika haragwe halina joto hata katikati, toa. Usiziache zikae humo nusu saa, zinanyonya maji na kupoteza utamu. Zimwage kwenye ungo au trei, zitandaze zikauke. Kama una chupa ya maji iliyoganda kwenye friji itumbukize nzima nzima kwenye beseni la pili, inafanya kazi kama barafu.

Kama unakula hapohapo huna haja ya maji baridi, zitandaze tu kwenye sahani pana zisilaliane, weka siagi au mafuta, peleka mezani.

Nyumbani tunapika njegere za nazi na nyanya, sio za kuchemsha tupu. Hii inanihusu vipi?

Inakuhusu sana, manake hapa ndo njegere nyingi zinapofia. Mazoea yetu ni kukaanga kitunguu, nyanya, njegere, maji, tui, vyote vinachemka pamoja dakika ishirini na tano. Nyanya ina asidi nyingi, na umeiweka njegere ndani ya hiyo asidi kwa moto kwa karibu nusu saa. Haiwezi kupona.

Mimi nageuza mpangilio. Chukua njegere changa za kumenya nusu kilo, kitunguu kimoja, nyanya mbili zilizoiva, karoti moja, tui jepesi kikombe kimoja na nusu na tui zito kikombe kimoja. Anza na njegere: chemsha kwenye lita tatu za maji ya chumvi dakika mbili tu, toa, poza, weka pembeni kwenye ungo. Sasa kaanga kitunguu mpaka kilainike, weka kitunguu saumu na bizari kama unatumia, weka nyanya na uziache ziive mpaka mafuta yajitenge na ukali wake upungue, usiwe na haraka hapa, dakika kumi ni sawa kwasababu njegere hazimo. Weka karoti na tui jepesi, chemsha mpaka karoti iive na mchuzi uwe mzito kiasi. Ndipo mimina tui zito, punguza moto, koroga, likianza tu kutokota weka njegere. Dakika tatu. Zima, toa mfuniko, pakua.

Njegere zitakua zimepata moto mara mbili, dakika mbili na dakika tatu, jumla tano, bado uko chini ya ile saba. Tui lenyewe halina asidi ya kutisha, na linaizimua ile ya nyanya. Ladha? Kuna watu wanasema njegere zisipochemka kwenye mchuzi hazishiki viungo. Njegere kubwa zilizokomaa ni kweli, changa hapana, ngozi yake ni laini na mchuzi mzito unazishika vizuri. Onja kesho yake kabla hujabisha.

Ukitaka rangi ikae zaidi acha nyanya kabisa, weka bizari na tui tu. Rangi ya njano ya bizari inaipendezesha kijani cha njegere kuliko wekundu wa nyanya, hayo ni macho yangu lakini wateja wangu wengi wananiunga mkono.

Kwenye wali au pilau ya njegere ni hivyohivyo, zichemshe pembeni na uzichanganye wakati unapakua au dakika tano kabla ya kuepua wali. Zikipalilizwa pamoja na mchele tangu mwanzo zitatoka kijivu.

Nimezipika vizuri, zilikua kijani kabisa, afu kwenye hotpoti zikabadilika. Ni nini?

Hili limenikuta na liliniuma. Harusi ya watu 150, nilichemsha kilo kumi za maharage machanga saa tisa alasiri, mazuri kweli, nikayaweka ya moto kwenye mahotpoti na nikafunga nikijua chakula ni saa kumi na moja. Ratiba ikasogea, tukapakua saa moja na nusu usiku. Nilipofungua yalikua kaki yote na harufu ya kabichi iliyolala. Bibi harusi hakusema kitu ila mama yake aliyaangalia muda mrefu.

Nilichojifunza ni kwamba asidi haijui kama jiko limezimwa. Joto likiwepo kazi inaendelea, polepole kidogo lakini inaendelea, na ndani ya hotpoti iliyofungwa kuna joto, unyevu na asidi yote imebaki humohumo. Saa nne na nusu za nyuzi 70 ni nyingi kuliko dakika kumi za kuchemka.

Sasa nafanya hivi. Mboga naichemsha mapema, naipoza kabisa, naikausha na kuiweka kwenye friji au boksi la baridi. MC akianza kuita watu wa chakula ndo naipasha, kwa mafungu, sufuria pana yenye siagi na kitunguu, moto mkali, dakika moja na nusu kwa kila fungu mpaka iwe ya moto sana. Kwenye meza naweka sinia dogo na kuongeza kila likiisha badala ya kujaza moja kubwa. Ni kazi zaidi na unahitaji mtu mmoja asiyetoka jikoni, lakini sijawahi kurudia aibu ile.

Nataka saladi ya maharage machanga na limao. Limao litaua rangi?

Litaua, swali ni lini. Mboga ikiwa baridi asidi inafanya kazi polepole, una kama dakika kumi na tano nzuri kabla hujaanza kuona madoa ya kaki. Kwaiyo changanya mafuta, chumvi, kitunguu na maharage mapema utakavyo, limao au siki iingie mwisho watu wakiwa wameshakaa. Au tumia maganda ya limao yaliyokwanguliwa, yana harufu yote na hayana asidi. Usikamulie limao kwenye mboga ya moto.

Za friza na za kopo je?

Za friza zimeshachemshwa kiwandani kabla ya kugandishwa, nusu ya kazi imefanyika. Usiziyeyushe, usizichemshe upya dakika kumi, zitie kwenye mchuzi mwishoni dakika mbili. Kwa kweli wakati sio msimu, njegere za friza zinashinda zile zilizokaa gengeni siku nne.

Ukigandisha mwenyewe lazima uchemshe kwanza, njegere dakika moja na nusu, maharage machanga dakika tatu, poza kwa muda uleule, kausha, tandaza kwenye trei zigande moja moja ndo ufunge mfuko. Watu wanaogandisha mbichi wanashangaa baada ya miezi miwili zimepauka na zina ladha ya majani makavu, ni vile vimeng'enya, baridi inavipunguza kasi lakini haiviui.

Za kopo zinapikwa kwa joto la karibu nyuzi 120 ili zisiharibike, hakuna klorofili inayovumilia hapo. Zikiwa kijani kikali sana soma lebo, mara nyingine ni rangi zimewekwa, kama E102 na E133.

Njegere zangu nimepika dakika nne na bado ni ngumu. Nimekosea wapi?

Hujakosea kupika, umekosea kununua. Njegere ikikomaa sukari yake inageuka wanga na ngozi inakua ngumu, inataka dakika kumi na tano au ishirini, na kwa muda huo rangi itaondoka tu hata ufanyeje. Sokoni chagua maganda yenye kijani kibichi, yanayolia ukiyasugua, sio yaliyopauka na kukunjika. Njegere zilizomenywa ziwe ndogo na za mviringo, zile zenye pembe pembe kama zimebanana ni kubwa tayari. Bonyeza moja kwa kucha, ikitoa maji ni changa, ikitoa unga ni ya kupondea. Hizo za unga pondea kwenye mukimo, ambapo majani ya malenge yanakupa kijani chake.

Afu naomba msichanganye hili na maharage mabichi ya kumenya, yale mekundu au ya madoa yanayotolewa kwenye ganda. Hayo yana sumu yake ikiwa hayajaiva, lazima yachemke kweli kweli na yaive mpaka yalainike, ile sheria ya dakika saba haiyahusu hata kidogo. Na maharage machanga nayo msiyale mabichi, yachemshe angalau dakika zake.

Zikishageuka kaki naweza kuzirudisha?

Hapana. Magnesiamu ikishatoka haiingii tena kwa kitu chochote cha jikoni. Kuna mtu aliniambia nitumbukize kipande cha shaba, na ni kweli shaba inaweza kushika nafasi ya magnesiamu ikatoa kijani, viwanda vya zamani Ulaya walitumia chumvi za shaba kwenye njegere za kopo, lakini shaba ikizidi ni sumu, usijaribu nyumbani. Mboga iliyofubaa bado ni chakula, isage na tui, kitunguu na pilipili manga iwe supu, tia kiganja cha kotmiri mbichi wakati unasaga ukishazima moto. Kotmiri ndo itatoa kijani, na ukichelewa kuinywa nayo itafubaa.